Dakika Tatu za Mchokoza Mada

Anayealikwa kukaa kwenye jopo huambiwa kwa simu: "Utapewa dakika tatu za kufungua, kisha tutajadiliana." Wengi huandaa hotuba nzima, wakaipunguza juujuu, na karatasi ya "muda umekwisha" ikawakuta bado wako kwenye historia ya tatizo. Walichotaka kusema hakikusemwa. Mbaya zaidi, wenzao mezani hawakupata kitu cha kujibu, na mjadala ukaanza kwa kila mtu kusoma hotuba yake.

Dakika tatu ni sekunde 180. Mtu anayezungumza Kiswahili kwa utulivu, akasikika mpaka safu za nyuma, hutamka takribani maneno 100 kwa dakika. Maneno 300 hayatoshi kueleza suala zima, ila yanatosha kwa vitu vitatu: hoja moja, mfano mmoja, na swali moja zito la kuwachokoza walioko mezani.

Tuchukue jopo kuhusu marufuku ya mifuko ya plastiki Tanzania Bara, iliyoanza Juni 1, 2019. Tuseme waalikwa ni ofisa wa mazingira, mwenye kiwanda cha vifungashio, mtafiti, na mama anayeuza sato kwenye soko la samaki jijini Mwanza. Huyu mama ndiye tutakayemwandalia dakika zake.

Hoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Rasimu yake ya kwanza inasema: "Marufuku ya plastiki ni jambo jema lakini bado kuna changamoto nyingi sokoni." Nani atakataa? Ofisa atatikisa kichwa kukubali, mtafiti naye vilevile, na hapo mjadala umekufa kabla ya kuzaliwa. Hoja hupimwa kwa kumtafuta mtu mwenye akili timamu anayeweza kusema "si kweli." Asipopatikana, mlichonacho ni mada tu. Rasimu ya pili: "Plastiki nyembamba haitaondoka sokoni mpaka muuza samaki apate mfuko usiovuja kwa bei anayoimudu." Hapo ofisa anaweza kupinga kwamba tatizo ni usimamizi wa sheria, na mwenye kiwanda akasema mifuko ipo ila wauzaji hawataki kulipa. Sasa kuna la kuzungumza.

Hoja kali huvutia kueleweka vibaya. Anayesikia maneno ya mama huyu atadhani anataka rambo zirudi. Kwa hiyo aweke mpaka mapema, kwa sentensi fupi: "Siombi marufuku iondolewe." Sentensi hiyo humwokolea dakika kadhaa za kujitetea baadaye, maana ukumbi ukishaamua kwamba unapinga sheria, hakuna atakayesikiliza mfano wako.

Mfano upewe nusu ya muda wote, sekunde 90 hivi, nao uwe wa mteja mmoja katika asubuhi moja. Mama anaweza kuueleza hivi:

"Mteja amenunua sato wawili wa shilingi 6,000. Nimewapara, nimewaosha, bado wanachuruzika maji na damu. Nikimpa mfuko mbadala ule wa kitambaa, maji yanapita, nguo zake zinaloa akiwa kwenye daladala. Nikimfungia kwa gazeti, linachanika kabla hajafika kituoni. Nikimwambia aje na chombo, anacheka, kwa sababu ametoka kazini. Pembeni yangu kuna kijana anauza vifungashio laini vya kuonyesha, visivyo na jina la kiwanda. Mteja mwenyewe ananiambia: Mama, nitilie humo. Nikikataa, anahamia meza ya jirani."

Angalieni kilichofanyika hapo. Kila njia halali imejaribiwa mbele yetu ikashindikana, na hivyo msikilizaji anafika kwenye hoja kwa miguu yake mwenyewe. Mfano ambao ukiuondoa hoja inabaki ilivyo ni pambo, haufai kupewa hata sekunde 20. Kishawishi kikubwa hapa ni kuongeza mfano wa pili. Mama anajua kwamba Kenya ilianza marufuku yake Agosti 2017, na kwamba Rwanda iliitangulia kwa sheria ya 2008. Anajua pia kuwa mwaka 2021 mamlaka nchini zilikemea vifungashio kutumika kama vibebeo. Vyote ni vya kweli, na vyote vikae kwenye karatasi ya akiba kusubiri maswali. Mtu akimuuliza "mbona majirani wameweza?", jibu litakuwa tayari, tena litasikika vizuri zaidi kwa kuwa limeombwa.

Kisha lije swali. Watu wengi humalizia kwa kusema "serikali iangalie suala hili" au "wadau wote tushirikiane," maneno ambayo hayamlazimishi yeyote kufungua mdomo. Swali zuri humtaka aliye mezani achague, na kila chaguo lina gharama. Mama aseme: "Mfuko usiovuja utagharimu zaidi ya kile kifungashio laini. Naomba kila mmoja wetu atuambie nani alipe hiyo tofauti: mteja, muuzaji, au mwenye kiwanda?" Ofisa hawezi kulikwepa kwa kutaja kifungu cha kanuni. Mwenye kiwanda lazima ajitetee au akubali. Mtafiti anaulizwa kuhusu fedha, si kuhusu nia njema.

Swali hilo halimvizii mtu, na hili nalisisitiza. Ofisa aliyeulizwa mbele ya umma, "Kwa nini mnatunyanyasa?", atajibu kwa kujilinda, na haki yake. Swali linalowahusu wote watatu kwa usawa humwachia kila mmoja heshima yake. Ni vizuri pia kumdokezea mwendesha mjadala mapema, ili asilipite na kuanza maswali yake mwenyewe. Naye mama awe na jibu lake, kwa sababu bila shaka atarudishiwa: "Na wewe unasemaje?" Akisema hajui, uzito wote wa dakika zake unayeyuka.

Sasa saa. Sekunde 15 ziwe za salamu. Mzungumzaji wa kwanza akishasema itifaki imezingatiwa, wengine wana ruhusa ya kuamkia na kuendelea. Sekunde 25 za hoja na mpaka wake, 90 za mfano, 40 za swali. Zinabaki 10, nazo ziachwe wazi, maana ukumbi ukicheka au kipaza sauti kikikwaruza muda unakwenda. Mazoezi yafanywe kwa kusimama, kwa sauti kamili, simu ikihesabu. Kusoma kimyakimya kunadanganya, kwa kuwa jicho hukimbia kuliko ulimi. Ikizidi, apunguze maelezo ndani ya mfano, asikimbize maneno.

Hutokea pia waliotangulia wakala muda na mwendesha mjadala akanong'ona, "Mama, fupisha, dakika mbili." Hapo kinachokatwa ni gazeti na chombo cha nyumbani; mfuko unaovuja na kijana wa vifungashio vinabaki. Swali halikatwi kamwe. Kwa sababu hiyo sentensi ya hoja na sentensi ya swali zihifadhiwe kichwani neno kwa neno, na katikati asimulie kama anavyomsimulia jirani.

Ukialikwa kwenye jopo, andika kwanza lile swali la mwisho. Ukishindwa kulipata, hoja yako bado haijaiva. Mpigie mwandaaji umuulize wengine mezani ni akina nani, kisha uanze upya.