Wimbo wa Mamajusi kwa Kwaya ya Watu Sita

Mwanzoni mwa Januari kwaya nyingi za Johannesburg hupungukiwa watu. Walioenda kwao Limpopo, Rasi ya Mashariki au Kongo kwa Krismasi bado hawajarudi, na sikukuu ya Tokeo la Bwana imeshafika: tarehe 6, au kwa Wakatoliki wa Afrika Kusini, Jumapili iliyo kati ya tarehe 2 na 8.

Wimbo unaofaa hapo ni ule wa wafalme watatu, alioutunga Mmarekani John Henry Hopkins mwaka 1857 kwa igizo la Krismasi la wanafunzi wa seminari mjini New York. Aliupanga kwa watu wachache tangu mwanzo. Ubeti wa kwanza na wa tano huimbwa na wote watatu pamoja. Katika ubeti wa pili, wa tatu na wa nne, kila mfalme huimba peke yake na kutaja zawadi yake: dhahabu, uvumba, manemane. Kwa hiyo waimbaji sita wanatosha: watatu wa beti, watatu wa kuongeza nguvu kwenye kiitikio.

Ugumu wake uko kwenye sauti. Beti zinatulia kwenye la, kiitikio kinatulia kwenye do. Bila kinanda, mwimbaji wa peke yake huishusha ti kidogo kila anapoipitia, na baada ya beti mbili kwaya nzima imeshuka bila kujijua. Utaligundua hilo ukipiga do ya mwanzo kwenye kinanda mara kiitikio kinapokwisha. Dawa ni kuwapa wale wengine watano kazi wakati wa ubeti: wavumishe la na mi kwa midomo iliyofungwa, wakipokezana pumzi, ili mwimbaji awe na mahali pa kuegemea. Hatua ya ti kwenda do ifanyiwe mazoezi peke yake, polepole, kwa solfa.

Kosa la pili ni la maana. Kiitikio kikifunguka kwenye do, kwaya hukipigia kelele kana kwamba wasafiri wameshafika. Lakini maneno yake ni ombi kwa nyota iendelee kuongoza. Wanaoimba bado wako njiani. Mara nne za kwanza kiimbwe kwa sauti ya chini. Nguvu iwekwe kwa mara ya tano, baada ya ubeti unaotangaza ufufuko.

Hopkins ameruka jambo moja ambalo Mathayo analo. Mamajusi hawakuijua njia yote: walifika Yerusalemu wakalazimika kuuliza, na jibu wakalipata kwa Herode, mtu aliyetaka kumwua mtoto waliyemtafuta. Kwaya inayotaka safari ya kutafuta ukweli isikike yote, isome Mathayo 2:1-8 baada ya kiitikio cha kwanza, kisha mwenye dhahabu aanze ubeti wake. Somo hilo linachukua dakika moja hivi, na kiongozi anapata nafasi ya kuwapa waimbaji do upya.