Dizeli imevuka bajeti: bodi ielezwe nini?

Vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vinavyosimamiwa na RUWASA kwa Sheria ya Huduma za Maji ya mwaka 2019, vina watu wanaochaguliwa na wenzao kijijini kuviongoza. Ni wakulima, mama wenye maduka, walimu wastaafu. Kila baada ya miezi mitatu mhasibu huwawekea mezani karatasi yenye safu tatu: bajeti, matumizi halisi, tofauti. Pembeni pana nafasi finyu ya maelezo, na hapo ndipo wajumbe hukosa wanachokihitaji.

Tuchukue chombo cha mfano kinachosukuma maji ya kisima kirefu kwa jenereta ya dizeli. Robo ya kwanza, Julai hadi Septemba, bajeti yake ya matumizi ilikuwa shilingi 11,000,000, na zimetumika 11,090,000. Imezidi kwa 90,000 tu, haifiki hata asilimia moja. Mjumbe anayeangalia jumla peke yake atasema mambo ni shwari, na kikao kitahamia ajenda nyingine.

Lakini ndani ya jumla hiyo mistari mitatu imeyumba. Dizeli ilipangiwa 3,360,000, ikala 4,350,000. Matengenezo yalipangiwa 1,500,000, zikatumika 300,000 tu. Ada ya mwaka ya kibali cha kutumia maji ilipangiwa 100,000 kwa robo, ikalipwa 400,000. Mishahara na ofisi vimekaa pale pale. Kilichozidi upande mmoja kimefunikwa na kilichobaki upande mwingine, na ndiyo maana jumla inaonekana tulivu.

Ada ya kibali ndiyo nyepesi kuieleza. Hulipwa mara moja kwa mwaka, wakati bajeti iliigawa mafungu manne. Imelipwa yote sasa, kwa hiyo robo tatu zijazo mstari huo utakuwa sifuri na mwisho wa mwaka hesabu italingana. Mhasibu aandike hivyo kwa sentensi moja, na wajumbe wasipoteze muda hapo.

Kwenye dizeli, maelezo yanayoandikwa mara nyingi ni haya: “Bei ya mafuta imepanda.” Ni kweli, na kila mjumbe anajua ni kweli, kwa kuwa EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi na redio huzisoma. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayeuliza zaidi. Swali la kuuliza ni hili: bei imekula shilingi ngapi kati ya hizo 990,000?

Kulijibu hakuhitaji cheti cha uhasibu. Bajeti ilikadiria lita 1,200 kwa shilingi 2,800 kila moja. Zilizonunuliwa ni lita 1,500, kwa wastani wa shilingi 2,900. Bei imepanda shilingi 100. Zidisha kwa lita 1,500 zilizonunuliwa, unapata 150,000. Hilo ndilo fungu lote la bei. Zinazobaki, shilingi 840,000, zimetokana na lita 300 za ziada, ambazo hata kwa bei ya zamani ya 2,800 zingelipiwa. EWURA haihusiki nazo. Jibu lake liko kijijini.

Je, lita hizo zimesukuma maji ambayo watu wamenunua? Jenereta hii husukuma uniti sita kwa lita moja, uniti ikiwa lita elfu moja za maji, yaani madumu 50. Bajeti ilitegemea kusukuma uniti 7,200 na kuuza 5,760. Ile moja katika kila tano ilikubaliwa tangu mwanzo kuwa itapotea njiani. Kiangazi kimekuwa kikali na mauzo yamefika uniti 6,000. Kwa upotevu ule ule uliokubaliwa, kuuza uniti 6,000 kunadai kusukuma 7,500, na hizo zinahitaji lita 1,250. Basi lita 50 za ziada ni halali kabisa. Zimegharimu 140,000, na uniti 240 zilizoongezeka, kwa shilingi 50 kila dumu, zimeleta 600,000. Hapo kuvuka bajeti ni habari njema.

Zimebaki lita 250, shilingi 700,000. Dira kubwa ya kisimani inasoma uniti 9,000 zilizosukumwa, na vilula kwa jumla vimeuza 6,000. Theluthi ya maji haikufika kwa mnunuzi. Usomaji huo wa dira una faida nyingine: uniti 9,000 kwa lita 1,500 bado ni uniti sita kwa lita, kwa hiyo mafuta yameingia kwenye jenereta kweli. Laiti dira ingesoma 7,500 tu, tungeangalia kwanza stakabadhi za mafuta, daftari la mwendesha mtambo na jenereta yenyewe.

Sasa geukia matengenezo, ule mstari ambao kwenye karatasi umeandikwa kama akiba ya 1,200,000. Kwanza mhasibu aseme kama kazi haikufanyika, au imefanyika na ankara ya fundi haijaingizwa kwenye vitabu. Ikiwa ni la pili, hakuna akiba yoyote. Ni deni lililojificha. Katika mfano wetu kazi haikufanyika: mabomba ya zamani ya bondeni, yaliyopangwa kubadilishwa Agosti, yameachwa. Mimi naona hapa ndipo mhasibu anapodaiwa uaminifu wake wote. Hiyo 1,200,000 na zile 700,000 yawezekana ni jambo moja lililoandikwa mara mbili, na aliyetengeneza karatasi ndiye pekee kikaoni anayeweza kuiona mistari hiyo miwili kwa pamoja.

Nasema yawezekana, kwa kuwa hesabu zina mpaka wake. Bomba linalovuja, nyumba iliyojiunganishia maji kinyemela na muuza kilula asiyeandika mauzo yote huacha alama ile ile kwenye vitabu. Njia ya kuzitenganisha ni kufunga vilula vyote usiku, kuzima pampu, na kupima kina cha tangi jioni na alfajiri. Maji yakishuka, yanatoka bombani kwa uvujaji au kwa maunganisho ya wizi, na timu itembee njia ya bomba. Yasiposhuka, daftari za vilula zikaguliwe dhidi ya dira zake.

Maelezo yanayostahili kufika mbele ya bodi, basi, ni mafupi: “Dizeli imezidi 990,000. Kati ya hizo, 150,000 ni bei, 140,000 ni mauzo yaliyoongezeka, na 700,000 ni maji yasiyofika kwa wateja. Tukiyaacha, robo tatu zilizobaki zinaweza kutugharimu takriban 2,100,000. Fedha za matengenezo zilizobaki ni 1,200,000. Tunaomba kibali cha kupima tangi wiki hii na, uvujaji ukithibitika, kubadilisha mabomba ya bondeni Novemba.” Mjumbe yeyote anaweza kulipigia kura ombi hilo akijua analolifanya.

Tahadhari moja kwa robo zijazo. Masika watu hukinga maji ya mvua na mauzo hushuka, kwa hiyo bajeti iliyogawanywa sawasawa kwa robo nne itaonyesha “akiba” ya dizeli ambayo haikutokana na juhudi ya mtu. Ndiyo maana ni heri wajumbe wafuatilie uniti zilizouzwa kwa kila lita ya dizeli, namba isiyodanganywa na bei ya mafuta wala kupungua kwa wateja. Bajeti ilitaka 4.8, robo hii imekuwa 4.0. Mabomba yakibadilishwa mwishoni mwa Novemba, ripoti ya Desemba itabeba mwezi mmoja tu wa nafuu, kwa hiyo namba itapanda kidogo. Isipofika 4.8 robo ya Machi, kuna tundu lingine.