Blenda, kinu au mashine ya kukamua? Picha ya kitako, jagi na visu hueleza

KIGALI – Oda nyingi huwa fupi. Mfanyabiashara wa Kigali anamwandikia mwuzaji wa Kariakoo kwamba anataka mashine 12 za kusaga. Baada ya dakika chache picha inaingia kwenye simu: kitako cheusi chenye vitufe, na juu yake chombo kinachong'aa. Bei inafaa, fedha inatumwa, na mzigo unaanza safari ya karibu kilomita 1,500 kupitia mpaka wa Rusumo. Maboksi yakifunguliwa Kigali ndipo inajulikana kwamba mteja wa soko la Kimironko alitaka kusaga karanga kavu za kutia kwenye isombe, na kilichokuja ni blenda za juisi.

Hapo hakuna aliyedanganya. Kwa Kiswahili, karanga husagwa, nyanya husagwa na parachichi husagwa. Wanyarwanda nao wana neno lao, gusya, lenye asili hiyohiyo. Mitaani neno blenda nalo hubebeshwa kila chombo chenye mota chini na kisu ndani. Mteja aliyezoea Kifaransa akitaja roboti, kwa kawaida anataka mashine ya kukatakata vyakula, wala si blenda.

Hati za forodha haziwezi kumwokoa mnunuzi. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mashine za umeme za nyumbani za kusaga na kuchanganya chakula, pamoja na zile za kukamua matunda na mboga, zote zimo katika namba moja, 8509.40. Mzigo wa blenda ulioletwa badala ya vinu utapita mpakani na karatasi zake zikiwa sahihi kabisa. Kwa hiyo mahali pa kugundua kosa ni kwenye picha, kabla fedha haijatumwa.

Shafti inaishia wapi?

Picha ya mashine iliyounganishwa yote, iliyopigwa kwa mbele, haisaidii sana. Vitako vya mashine hizi hufanana, na vifuniko huficha mambo. Mnunuzi anatakiwa kuona mashine ikiwa imefunguliwa, kisha ajiulize maswali matatu: nguvu ya mota inaishia wapi, kisu kina umbo gani, na chakula kinatokea wapi kikishamaliza kazi.

Kwenye blenda, ukiondoa jagi utaona katikati ya kitako kigurudumu kifupi chenye meno, cha mpira, plastiki au chuma. Hakuna chuma kirefu kinachosimama. Chini ya jagi kuna kigurudumu kingine kinachoshikana na hicho. Shafti inapenya kwenye sakafu ya jagi kupitia mpira wa kuzuia maji, na kuishia papo hapo kwenye visu vidogo, mara nyingi vinne au sita, vingine vimekunjwa kuelekea juu na vingine chini. Jagi ni refu, jembamba upande wa chini, lina mistari iliyotuna ndani na mdomo wa kumiminia.

Kila kimojawapo kina sababu yake. Visu vilivyokunjwa huzungusha maji kama kimbunga, na mistari ya jagi huyavunja ili yarudi katikati kwenye visu. Bila kimiminika, kimbunga hicho hakipo. Karanga kavu hupigwa sekunde chache, unga ukaganda ukutani na chini ya visu, kisha visu vikabaki vinazunguka kwenye shimo tupu. Mtumiaji akilazimisha, mota hupata moto na mpira wa chini huanza kuvuja.

Kinu hufunikwa

Kinu cha umeme cha vitu vikavu ndicho kinachochanganywa zaidi na blenda, kwa sababu nacho kina kisu chini ya chombo. Tofauti iko kwenye umbo. Chombo chake ni kikombe kifupi, mara nyingi cha chuma kisichoshika kutu, kisicho na mdomo wa kumiminia. Kisu kina mbawa mbili tu, bapa au zilizopinda kidogo sana, na kinakaa karibu kabisa na sakafu ili kisiache punje chini yake. Vingi havizunguki mpaka kifuniko kikandamizwe, kwa kuwa swichi imo ukingoni. Aina kubwa zaidi, zinazoletwa kwa wauza viungo, zina kifuniko kizito chenye bawaba na komeo la kukibana.

Ipo pia aina ya kinu cha kahawa isiyo na kisu. Ndani yake kuna gurudumu mbili za chuma au kauri zenye meno, zikisagana kama mawe ya kinu, na juu kuna kikapu cha kutilia buni. Asiyeijua anaweza kudhani kisu kimeibwa.

Shafti ikisimama juu

Mashine ya kukatakata, ambayo wengine huiita prosesa, hujitambulisha kwa bakuli lake. Ni pana na fupi, na katikati yake kuna bomba linalopanda kutoka sakafuni. Bomba hilo huvishwa juu ya shafti ndefu inayotoka kwenye kitako. Kisu chake kina umbo la herufi S, kimefungwa kwenye mhimili mrefu wa plastiki, na huchomolewa kwa mkono bila skrubu yoyote. Pembeni ya picha huonekana sahani za chuma zenye matundu au meno, za kukuna karoti na kukata viazi vipande.

Hii ni mashine ya vitunguu, nyama na mboga. Haitengenezi juisi laini. Kimiminika kikizidi, hupanda kwenye bomba la katikati na kumwagikia kwenye kitako. Haisagi viungo kuwa unga pia, kwa sababu bakuli ni pana mno na punje hukimbilia pembeni.

Penye tundu la kutokea

Mashine ya kukamua haina kisu ndani ya jagi. Alama yake kubwa ni njia mbili: mdomo mmoja unatoa juisi, na upande mwingine kuna chombo cha makapi. Ya kasi ina kikapu cha chujio la chuma, na sakafu ya kikapu hicho ni sahani yenye vijino vingi vidogo. Ya polepole ina skrubu kubwa nene ya plastiki inayosukuma matunda dhidi ya chujio. Ya machungwa ina kichwa chenye mistari kama limau lililosimama, wala haihitaji kitu kingine.

Mtu anaweza kuichanganya na prosesa, kwani zote zina kifuniko chenye bomba la kushindilia. Njia ya haraka ya kuzitofautisha ni kutazama ukuta wa bakuli. Bakuli la prosesa halina tundu pembeni; kilichokatwa hutolewa kwa kuinua bakuli. Bakuli la kukamulia lazima liwe na tundu la juisi.

Kwa wauza juisi wa Kigali tofauti hii inaonekana kwenye glasi. Makarakuja yakisagwa kwa nguvu kwenye blenda, mbegu huvunjika na juisi hubaki na chembe nyeusi. Tangawizi kwenye blenda huhitaji maji na kitambaa cha kuchujia, wakati mashine ya polepole hutoa maji yake yenyewe na kutupa nyuzi kando.

Mtego wa kazi tatu kwa moja

Ugumu huzidi boksi linapoandikwa kwamba mashine ina kazi mbili au tatu. Kitako ni kimoja, lakini vyombo ni vingi. Blenda nyingi huja na kikombe kidogo cha kusagia viungo, ambacho hugeuzwa juu chini kikaskrubiwa kwenye kisu chake. Nyingine huja na bomba la chujio linalosimamishwa ndani ya jagi. La kwanza haliigeuzi blenda kuwa kinu cha biashara, kwa kuwa kikombe hicho hubeba kiasi kidogo tu. La pili haliigeuzi kuwa mashine ya kukamua, kwa kuwa makapi hubaki ndani ya chujio na kazi husimama kila linapojaa.

Kanuni inayofaa ni kuhesabu visu. Kila chombo cha kazi tofauti lazima kiwe na kisu chake, au kitu kinachoshika nafasi ya kisu. Ikiwa maelezo yanataja kazi tatu na picha ya vipande vilivyotandazwa inaonyesha kisu kimoja tu, ama kuna kitu hakimo ndani ya boksi, ama kazi mojawapo ni maneno matupu.

Rudi kwenye ile oda ya mashine 12. Picha ya kwanza ilionyesha chombo kirefu chenye mshikio na mdomo. Hilo peke yake lilitosha kuleta shaka, maana unga mkavu haumiminwi kama juisi. Kama mnunuzi angeomba picha ya ndani ya jagi, angeona visu vinne vilivyokunjwa. Kama angeomba picha ya chini yake, angeona kigurudumu chenye meno na duara la skrubu linaloshika visu. Alama tatu, jibu moja: blenda.

Hata hivyo, kinu kidogo cha nyumbani nacho kisingemfaa mteja huyo bila maelezo. Karanga zina mafuta. Zikisagwa mfululizo hupata joto, mafuta hutoka na unga hugeuka kuwa siagi. Husagwa kidogo kidogo, kwa mibonyezo ya sekunde chache, kisha kinu kipumzike. Kikombe kinachobeba viganja viwili hakitoshi kwa mtu anayeuza sokoni kutwa. Kwa hiyo pamoja na picha, mwuzaji aulizwe chombo kinabeba gramu ngapi za kitu kikavu, na kama kinaruhusiwa kusaga vyenye mafuta.

Picha nne zinatosha kumaliza ubishi: kitako kikitazamwa kutoka juu bila jagi, jagi likitazamwa ndani, jagi likiwa limepinduliwa, na vipande vyote vimetandazwa mezani pamoja na chupa ya maji ya lita moja ili ukubwa ujulikane. Ya tano ni ya kibandiko cha chini ya kitako, penye volti na wati. Waya nao uonekane, kwani plagi ya Tanzania, Kenya na Uganda ina pini tatu bapa, na Rwanda hutumika zaidi soketi za pini za duara.

Yapo ambayo picha haitayasema. Haiwezi kuonyesha kama waya wa ndani ya mota ni wa shaba au wa alumini, wala kama mpira wa kuzuia maji umeshakauka. Kwa hayo, mnunuzi wa mzigo mkubwa huagiza kwanza mashine moja, akaisagisha kile kile ambacho mteja wake atasaga, ndipo akaagiza zile 11 zilizobaki.