Kopo Lililopitwa na Muda: Barua ya Kumwandikia Meneja

Ukifika nyumbani ukagundua umeuziwa kitu kilichopitwa na muda, wa kwanza kulaumiwa ni keshia. Alikipitishaje? Ukweli ni kwamba mashine yake haioni tarehe. Ile mistari myeusi kwenye bidhaa nyingi za dukani hubeba namba ya tarakimu 13 inayotambulisha bidhaa tu. Kopo lililoletwa jana na kopo lililosahauliwa nyuma ya shelfu yana mistari ileile. Yakipitishwa kwenye mashine, bei inatokea ileile. Tarehe imechapwa pembeni, mara nyingi kwenye kitako cha kopo, na wa kuisoma ni mtu atakayeligeuza kwa mkono wake. Kwa hiyo barua ya malalamiko haina haja ya kumshika uchawi keshia. Iende kwa meneja, na imuulize juu ya shelfu.

Tuseme ni kopo la gramu 400 la maziwa ya unga ya mtoto, limenunuliwa kwenye supamaketi ya Dar es Salaam. Kabla ya kuandika, soma tarehe kwa makini. Bidhaa kutoka Marekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 05/04 inaweza kuwa tarehe 4 Mei. Kisha shika vitu viwili: risiti na kopo lenyewe. Risiti ya EFD ina jina la duka, TIN, namba ya risiti, tarehe na saa, lakini karatasi yake huchapwa kwa joto na maandishi hufifia. Ipige picha na utoe fotokopi siku hiyohiyo.

Kwenye kopo, nakili namba ya bechi, ile iliyochapwa karibu na tarehe. Meneja anaweza kudai kuwa kopo lilitoka duka lingine, au lilikaa kabatini kwako miezi. Risiti inaonyesha ulinunua lini na wapi. Bechi inampa yeye mwenyewe kitu cha kulinganisha na makopo aliyobakiza na hati alizopokelea mzigo.

Barua yenyewe haihitaji kuzidi ukurasa mmoja. Chini ya anwani mbili na tarehe, iende hivi:

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA MAZIWA YA MTOTO YALIYOPITWA NA MUDA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 14 Machi 2025, saa 11:20 jioni, nilinunua dukani kwako kopo moja la maziwa ya unga la gramu 400 kwa shilingi 28,000. Nilipofika nyumbani nilikuta limeandikwa EXP 28/02/2025, yaani lilikuwa limepitwa na muda kwa siku 14. Sijalifungua. Nimeambatisha nakala ya risiti na picha za kitako cha kopo zinazoonyesha tarehe na namba ya bechi.

Naomba nirudishiwe shilingi 28,000 taslimu. Naomba pia makopo yote ya bechi hiyo yaondolewe kwenye shelfu na stoo leo, na nijulishwe kwa maandishi ni nani anayekagua tarehe za vyakula vya watoto na kila baada ya muda gani.

Nategemea jibu lako ndani ya siku 7.

Wako,
(sahihi, jina na namba ya simu)

Ombi la mwisho ndilo ningelisimamia zaidi. Ukiandika “boresheni ukaguzi”, utajibiwa “tumepokea maoni yako”, na maziwa yale atapewa mtoto mwingine. Ukiuliza nani na lini, meneja analazimika kutaja mtu na ratiba. Kosa lenyewe kwa kawaida huanzia kwenye upangaji: mzigo mpya unaposukumwa mbele kwa haraka, wa zamani unabaki nyuma hadi siku shelfu inapopungua. Dawa yake ni kutanguliza mbele kinachokaribia kuisha muda, kuwa na daftari la tarehe, na kuondoa bidhaa kabla siku yake haijafika.

Chapa nakala mbili. Moja ibaki kwa meneja, nyingine igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa, urudi nayo. Usiache kopo wala risiti halisi bila hati yenye sahihi ya aliyevipokea, maana ndio ushahidi wako wote. Wakikupa kopo jingine badala ya fedha, una haki ya kukataa na kusubiri ulichoomba.

Siku 7 zikipita kimya, peleka nakala yenye muhuri pamoja na kopo Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, kazi iliyokuwa ya TFDA. Wao wana wakaguzi wanaoweza kuingia hadi stoo.