Bei ya Hisa Inadai Faida Gani?

Tuseme hisa inauzwa shilingi 500 leo, na kampuni imetoka kulipa gawio la shilingi 40, ambalo hukua kwa asilimia 5 kila mwaka. Wanunuzi wanadai faida ya asilimia ngapi kwa mwaka? Chukua gawio lijalo, yaani 42, wala si 40 lililokwisha kulipwa. Hapo ndipo wengi hukosea. Gawanya kwa 500, upate asilimia 8.4. Jumlisha ukuaji wa 5: asilimia 13.4. Hiyo ndiyo gharama ya mtaji wa wanahisa iliyojificha ndani ya bei.

Mimi huogopa zaidi ule ukuaji. Ukikadiria 7 badala ya 5, jibu linaruka hadi karibu 15.6, ilhali bei sokoni haijasogea. Na hakuna kampuni inayoweza kukuza gawio milele kwa kasi kuliko uchumi wenyewe.