Kishikwambi Kikizima, Mahudhurio Yabaki

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, vishikwambi vilianza kugawiwa walimu Tanzania Bara, na shule nyingi zikaanza kuingiza kwenye jedwali la kompyuta kazi ambazo zamani zilikuwa za kalamu na daftari. Mahudhurio ni mojawapo. Mwalimu wa darasa akiita majina asubuhi, anagusa kioo, na mwisho wa mwezi jumla zinajitokeza zenyewe. Lakini kishikwambi huanguka, huibiwa, hulowa mvua, na betri yake huchoka. Kikizima Jumatano, mwalimu anahitaji kujua mambo mawili: mahudhurio ya miezi iliyopita yako wapi, na ya leo asubuhi yako wapi.

Maswali hayo hayana jibu moja. Ya miezi iliyopita hulindwa na nakala iliyo kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa mtandao. Ya leo hulindwa na karatasi, kwa sababu mara nyingi bado hayajafika huko kwenye wingu. Ukitumia programu kama Google Sheets bila mtandao, alama unazoweka hukaa ndani ya kifaa zikisubiri. Kifaa kikivunjika kabla ya kupata mtandao, alama hizo zinakufa nacho, hata kama mwalimu aliamini kwamba kila kitu kiko salama.

Karatasi yenyewe iwe na sura ileile ya jedwali. Safu ya kwanza ina namba ya kudumu ya mwanafunzi, ile aliyopewa alipoandikishwa, isiyobadilika hata mwenzake akihama. Ya pili ina jina kamili, kisha zinafuata safu tano za Jumatatu hadi Ijumaa. Darasa likiwa na kina Juma Hassan wawili, jina peke yake halitasaidia. Namba ndiyo itakayoonyesha ni yupi aliyekosa Jumanne. Chini ya kila siku kuna mistari minne: waliopo, wasiopo, wenye ruhusa, na jumla ya walioandikishwa. Pembeni kuna nafasi ya saini ya mwalimu. Karatasi moja kwa wiki inalitosha darasa.

Alama ziwe tatu tu: Y kwa aliyepo, H kwa asiyekuwepo, na R kwa mwenye ruhusa. Kila kisanduku kijazwe. Kuna mazoea ya kuwawekea alama wasiokuwepo pekee na kuwaacha waliopo wazi, na mazoea hayo ndiyo yanayoleta shida siku ya kurejesha kumbukumbu. Kisanduku kitupu kinaweza kuwa na maana ya mwanafunzi aliyepo, mwalimu aliyesahau, au alama iliyopotea njiani, na hakuna atakayeweza kutofautisha. Kila kisanduku kikijazwa, pengo lolote linajulikana kuwa pengo.

Jambo la pili ni wakati wa kuandika. Karatasi ijazwe kwa wino majina yanapoitwa, kisha alama zihamishiwe kwenye kishikwambi. Wengine hufanya kinyume: wanaingiza kwenye kishikwambi asubuhi, halafu Ijumaa mchana wananakili wiki nzima kwenye karatasi. Karatasi ya namna hiyo hurithi kila kosa la kishikwambi, na kishikwambi kikizima Jumatano inakuwa bado haijaandikwa. Mwalimu akikosea kwenye karatasi, akate kwa mstari mmoja, aandike alama sahihi kando na kuweka saini. Asifute wala asipake rangi nyeupe, ili anayesoma baadaye aone kilichokuwepo mwanzo.

Sasa twende kwenye wingu. Jedwali likiwa kwenye Google Sheets na kifaa kikiwa na mtandao, kila badiliko hupelekwa juu papo hapo. Hapo ndipo wengi wanapotulia, wakidhani hiyo ndiyo nakala ya akiba. Kusawazisha namna hiyo ni kazi nyingine. Vifaa viwili vilivyosawazishwa huonyesha kitu kilekile, kwa hiyo kosa lililofanyika kwenye kimoja hufika kwenye kingine baada ya sekunde chache. Nakala ya akiba ni ile inayobaki kama ilivyokuwa hata faili la kila siku likiharibiwa.

Kosa linalofundisha zaidi ni la kupanga majina. Mwalimu anataka majina yafuate alfabeti. Anachagua safu ya majina peke yake na kuamuru ipangwe. Majina yanajipanga, lakini namba na alama zinabaki palepale zilipokuwa. Kuanzia hapo mahudhurio ya Asha yako mbele ya jina la Amani, na ya Amani yako mbele ya jina la Abdallah. Hakuna onyo, na jumla za darasa hazibadiliki hata kwa mmoja, kwa kuwa idadi ya Y na H ni ileile. Ukiangalia jumla pekee hutagundua kamwe.

Karatasi ndiyo inayoligundua. Kila Ijumaa mwalimu achague wanafunzi watatu, mmoja wa juu ya orodha, mmoja wa katikati na mmoja wa chini, alinganishe namba, jina na alama zao tano za kwenye karatasi na za kwenye jedwali. Zikitofautiana, asianze kusahihisha kwa mkono. Kwenye kompyuta afungue `File`, kisha `Version history`, halafu `See version history`. Huko ataona hali za nyuma za faili pamoja na saa zake, na anaweza kurudisha ile ya kabla ya majina kupangwa.

Historia hiyo nayo ina mpaka wake. Iko ndani ya faili lilelile na akaunti ileile. Faili likifutwa, hukaa kwenye pipa la taka la Google Drive kwa siku 30 kisha huondolewa, na akaunti ikifungwa kila kitu kinafungwa nayo. Kwa sababu hiyo, Ijumaa baada ya ulinganisho, pakua nakala inayojitegemea: `File`, `Download`, kisha `Comma Separated Values (.csv)`. Ipe jina linaloanza na darasa, kisha mwaka, mwezi na siku, kama `darasa5A-2025-03-07.csv`. Ukiweka mwaka mbele, mafaili hujipanga yenyewe kwa mfuatano wa tarehe. Nakala moja ikae kwenye folda ya shule iliyoko kwenye wingu, nyingine kwenye kompyuta ya ofisi au flashi ya mwalimu mkuu. Darasa la wanafunzi 58 kwa siku mia mbili za masomo ni alama 11,600, na faili lake la csv halizidi kilobaiti thelathini hivi. Ni dogo kuliko picha moja ya simu, kwa hiyo hata mwenye bando la mwisho mwisho anaweza kulipandisha.

Tuone kazi ya kurejesha yenyewe. Tuseme Darasa la Tano A lina wanafunzi 58. Nakala ya mwisho ilipandishwa Ijumaa tarehe 7 Machi 2025, kisha mtandao ukakosekana. Jumatano tarehe 12, baada ya majina kuitwa, kishikwambi kinaanguka na kioo kinapasuka. Alama za Jumatatu, Jumanne na Jumatano zimepotea kwenye kifaa, lakini ziko kwenye karatasi.

Hatua ya kwanza ni kufungua nakala ya tarehe 7 kwenye kifaa kingine na kutengeneza nakala ya pili ya kufanyia kazi. Ya awali isiguswe, kwa kuwa mkono ukiteleza ndiyo itakayokuokoa. Hatua ya pili inataka watu wawili. Mmoja anasoma kwenye karatasi kwa sauti, namba kwanza kisha alama, na mwingine anaandika. Ni alama 174 tu, kazi isiyofika saa moja. Wamalize Jumatatu yote kabla ya kuanza Jumanne.

Hatua ya tatu ni kuhakiki. Chini ya karatasi ya Jumatatu mwalimu alikuwa ameandika: waliopo 51, wasiopo 5, wenye ruhusa 2, jumla 58. Ikiwa alama za siku hiyo ziko safu ya F, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 59, fomula hizi zitahesabu waliopo na visanduku vitupu:

```
=COUNTIF(F2:F59,"Y")
=COUNTBLANK(F2:F59)
```

Ya kwanza ikitoa 50 na ya pili ikitoa 1, kuna mwanafunzi mmoja aliyerukwa. Ya kwanza ikitoa 50 na ya pili ikitoa 0, kuna Y iliyoandikwa kama H au R. Kila jibu linakuelekeza pa kutafuta. Hesabu zikikubaliana, rudia ule ulinganisho wa wanafunzi watatu, kwani tumeshaona kwamba jumla pekee huweza kudanganya.

Kifaa kinapopona, angalia tarehe yake kabla ya kuanza kazi. Kishikwambi ambacho betri yake iliisha kabisa kikawashwa pasipo mtandao huweza kuonyesha tarehe ya zamani, na ikiwa jedwali lako huchukua tarehe kutoka kwenye kifaa, alama za leo zitaingia siku isiyohusika.

Kuna kikwazo ambacho huonekana siku ya ajali tu: kushindwa kuingia kwenye akaunti. Shule imeweka ulinzi wa hatua mbili, na namba ya siri ya kuthibitisha inatumwa kwenye kishikwambi kilekile kilichopasuka, au kwenye laini ya mwalimu aliyehama mwaka jana. Mahudhurio yapo, lakini hakuna wa kuyafikia. Akaunti iwe ya shule, isiwe ya mwalimu binafsi, na namba ya simu ya kurejesha akaunti ibadilishwe kila anayeishika anapohama. Google hutoa pia namba kumi za akiba, kila moja ya tarakimu nane na ya kutumika mara moja. Zichapishwe na kufungiwa kwenye kabati la mwalimu mkuu, mbali na kishikwambi.

Karatasi nayo huungua na kuliwa na mchwa, kwa hiyo kila Ijumaa ipigwe picha huku darasa na tarehe vikisomeka, na picha iwekwe kwenye folda ileile ya shule. Isirushwe kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Ina majina ya watoto na siku walizokosa shule, na taarifa za namna hiyo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Folda ifunguliwe kwa mwalimu wa darasa, mwalimu wa taaluma na mwalimu mkuu pekee.

Mara moja kwa muhula, fanyeni jaribio mkiwa hamna dharura. Kiweke kishikwambi kabatini, chukua kompyuta ambayo haijawahi kuingia kwenye akaunti ya shule, na mpe kazi mwalimu ambaye si mwenye darasa: aingie, aipate nakala ya Ijumaa iliyopita, aongeze siku moja kutoka kwenye karatasi, na hesabu zikubaliane. Akikwama kwenye namba ya siri, mtajua laini ya nani inapaswa kubadilishwa. Akikuta visanduku vitupu, mtajua ni nani wa kukumbushwa. Na akikuta nakala ya mwisho ni ya miezi miwili nyuma, basi mna jedwali la kila siku, lakini nakala ya akiba hamna.