Rada Haijui Maana ya Matawi

Dereva aliyezoea barabara ya Dar es Salaam hadi Morogoro akiona matawi mabichi yametupwa kwenye lami, hahitaji kuambiwa kitu. Mbele kuna lori limeharibika. Anaachia mafuta na kutazama kioo cha nyuma hata kabla lori lenyewe halijaonekana. Gari lake, hata liwe na rada na kamera, halitafanya hivyo. Kwa rada, majani machache barabarani ni karibu sawa na hakuna kitu.

Jambo hili linafaa kueleweka vizuri, kwa sababu magari mengi yaliyotumika Japani na kushushwa katika bandari zetu siku hizi yana vifaa vya namna hiyo, na wengi wanaoyanunua hawapati mtu wa kuwaeleza vinavyofanya kazi. Cha kwanza ni kidhibiti mwendo, ambacho madereva hukiita kruzi. Kruzi ya kawaida ni kifaa cha zamani: wazo lilitoka kwa Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani aliyekuwa kipofu tangu utotoni, na kampuni ya Chrysler ilianza kuiweka kwenye magari yake mwaka 1958. Unafikisha mwendo unaoutaka, unabonyeza SET, gari linaushika. Haioni chochote. Mbele kukiwa na tuta, punda au mtoto wa shule, mwendo ni uleule mpaka uguse breki.

Kruzi mpya ina rada, mara nyingi nyuma ya nembo ya mbele, na hii ndiyo inayowadanganya watu zaidi kwa sababu inafanya kazi vizuri sana siku nyingi. Ukiweka 100 na mbele kuna basi linalokwenda 80, gari lako litashuka lenyewe hadi 80 na kulifuata basi hilo kwa umbali uliouchagua. Baada ya nusu saa ya safari ya namna hiyo mguu umepumzika, na akili nayo inaanza kupumzika.

Sasa fikiria lile lori la kwenye matawi. Uko nyuma ya basi, kwa 80, umeacha nafasi ya sekunde mbili, yaani kama mita 44. Basi ni refu na limekuziba. Dereva wake ameyaona matawi zamani, anachepuka kulipita lori, na wewe lori linakufungukia macho wakati basi limebakiza mita 20 kulifikia. Ukijumlisha urefu wa basi, kati yako na lori kuna mita 75 hivi.

Kwa mwendo wa 80, gari linakula mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho, anayetumia sekunde moja kushtuka na kukanyaga breki, atakuwa amekwenda mita 22. Lami ikiwa kavu na breki zikiwa nzima, atahitaji mita nyingine kama 35 kusimama. Anasimama, na mita zaidi ya 15 zimebaki. Dereva aliyekuwa anatazama simu na kuchukua sekunde mbili na nusu tayari amemaliza mita 55 kabla mguu haujagusa breki. Analigonga lori kwa mwendo unaozidi 50.

Na gari lenyewe linafanya nini katika sekunde hizo? Mara nyingi linaongeza mwendo. Basi limetoka mbele ya rada, njia inaonekana wazi, na wewe uliomba 100. Rada hupima umbali wa kitu na kasi ya kitu hicho kukukaribia. Vibao vya barabarani, kingo za madaraja na nguzo vyote vinakukaribia kwa kasi ileile unayokwenda wewe, na lau gari lingefunga breki kwa kila kimoja lisingefika Chalinze. Kwa hiyo watengenezaji wa mifumo mingi waliifundisha rada kuvipuuza vitu ambavyo tangu ilipovigundua havijawahi kutembea. Lori lililosimama linaangukia kwenye kundi hilo. Mifumo mipya inayochanganya rada na kamera ina nafuu, lakini vitabu vya maelezo vya watengenezaji bado vinaonya kwamba gari lililosimama huenda lisigunduliwe. Hapo aliyepaswa kuona ni dereva, na mtengenezaji ameandika hivyo.

Msaidizi wa leni yeye hutegemea kamera iliyo nyuma ya kioo cha ndani, juu ya kioo cha mbele. Inatafuta mistari ya barabarani, na ikiona gari linauvuka mstari bila indiketa, inalia au kuuvuta usukani taratibu. Mstari ukiwa umefutika, umefunikwa na vumbi, au lami mpya bado haijachorwa, haina cha kushika. Jua la jioni linalong'aa kwenye lami iliyolowa huivuruga, na kiraka cha lami nyeusi kinaweza kuonekana kwake kama mstari. Liko pia jambo ambalo huwashtua wageni wa kifaa hiki: unapochepuka ghafla kukwepa shimo au mwendesha baiskeli, usukani unaweza kukupinga kidogo. Nguvu yake ni ndogo, unaishinda kwa urahisi, ila mikono lazima iwe imeushika tangu mwanzo.

Kuna matatizo yanayotokana na mafundi wetu, na haya mnunuzi anaweza kuyakagua. Kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera hiyo inatakiwa kupangwa upya kwa vifaa maalumu. Ikipinda kidogo tu, mbali mbele inakuwa inatazama pembeni. Bampa likigongwa na kunyooshwa, rada inaweza kuelekea juu au kando. Ngao ya chuma mbele ya nembo inaiziba kabisa. Mfumo ukijigundua una hitilafu huandika ujumbe kwenye dashibodi, na katika magari mengi yetu ujumbe huo umeandikwa Kijapani. Dereva anauona kila asubuhi, anauzoea, na anaondoka akiamini kifaa kinafanya kazi. Piga picha ya maandishi hayo, yatafsiriwe, kabla hujaenda nalo safari ndefu.

Sensa za kuegesha ni vile vidude vya mviringo kwenye bampa. Hutoa sauti ambayo masikio yetu hayaisikii, kisha husubiri mwangwi. Kitu kilicho mita moja nyuma hurudisha mwangwi kwa muda wa sekunde 6 katika 1,000, na gari linahesabu umbali. Kwa hiyo kisichorudisha mwangwi hakipo. Waya na fito nyembamba hurudisha kidogo sana. Nguo hunyonya sauti. Mtoto aliyechuchumaa karibu kabisa na bampa anaweza kuwa chini ya upeo wao, na hilo peke yake linatosha kukufanya ushuke na kulizunguka gari kabla ya kurudi nyuma nyumbani kwako. Tope likikauka juu ya sensa, nayo huwa kiziwi au hulia ovyo.

Jaribu mwenyewe gari likiwa limesimama, gia ya nyuma imeingizwa, breki ya mkono imevutwa na mguu uko kwenye breki. Mwambie mtu asimame pembeni, si nyuma ya gari, asogeze ndoo taratibu kwa ufito hadi mlio uwe mmoja usiokatika, kisha apime. Katika magari mengi itakuwa karibu sentimita 30. Arudie kwa jiwe la chini, kisha kwa fimbo. Mtaro ulio wazi hauhitaji kujaribiwa, kwa kuwa shimo halina mwangwi wa kurudisha na sensa itanyamaza mpaka gurudumu litumbukie.